Mbegu ya Kweli Huulizwa Nje ya Pakiti

Mwezi wa Machi, mvua zikikaribia Kitale, bei ya kilo ya mbegu ya mahindi na bei ya kilo ya mahindi ya kula haziambatani hata kidogo, ingawa ukiziweka punje zote mbili kiganjani unaweza kushindwa kuzitofautisha. Mwanya huo ndio mtaji wa mlaghai. Hana haja ya kiwanda wala shamba. Akipata gunia la mahindi mazuri ya sokoni, rangi, pakiti zilizochapishwa na mashine ndogo ya kuziba nailoni, amekuwa kampuni ya mbegu. Jina analiazima, na kwa kawaida huazima lile linaloaminika zaidi.

Katika nyanda za juu za Kenya jina hilo mara nyingi ni la Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956 na yenye makao yake Kitale. Mbegu chotara yake ya kwanza ya mahindi, H611, ilitoka mwaka 1964, na wazee wengi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu wanazitaja H614 na H6213 kama watu wengine wanavyotaja majina ya wajukuu. Sifa ya namna hiyo hujengwa kwa miaka mingi, na ndiyo inayoibiwa pakiti inapoghushiwa.

Ubaya wa mbegu bandia ni kwamba hujifichua umechelewa. Sabuni feki utaijua siku ya kwanza ya kufua, lakini mahindi ya sokoni yaliyopakwa rangi huota vizuri tu. Mkulima anayejaribu punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, akahesabu zilizochipua baada ya wiki, atajua kama mbegu ni hai. Hatajua kama ni chotara. Punje zilizovunwa kutoka shamba la chotara zikipandwa tena hutoa mihindi isiyolingana: huu mrefu, ule mfupi, mmoja umetoa mbelewele leo na mwenzake baada ya wiki mbili, mahindi mengine makubwa na mengine ya kupapasa. Hayo yote yanaonekana miezi kadhaa baada ya pesa kulipwa, na aina za nyanda za juu hukaa shambani miezi sita au zaidi kabla ya kuvunwa.

Chukua ekari moja. Huhitaji kilo 10 hivi za mbegu, yaani pakiti tano za kilo mbili. Tuseme mkulima amenunua tatu duka moja, kisha mbili kwingine kwa sababu zilikuwa na nafuu ya bei, na hizo mbili ni za kughushi. Ukifika mwezi wa saba sehemu ya shamba imepishana kimo, lakini mbegu zilikwisha kuchanganywa kwenye ndoo wakati wa kupanda na pakiti zilichomwa na takataka. Atalaumu mvua, kisha mbolea, na mwishowe jina lililokuwa kwenye pakiti. Msimu unaofuata atahamia mbegu nyingine, au atarudia punje alizovuna mwenyewe. Kampuni imempoteza mteja kwa bidhaa ambayo haikuitengeneza.

Ulinzi wa kwanza unaomjia kila mtu akilini ni sura ya bidhaa. Mbegu ya mahindi iliyothibitishwa hupakwa dawa ya kuzuia ukungu na wadudu, na dawa hiyo hutiwa rangi kali ili mtu asije akaipeleka jikoni. Kwa miaka mingi wakulima wameichukua rangi hiyo kuwa alama ya uhalisi. Siyo. Rangi ni kitu rahisi kuliko vyote katika kazi hii, na inauzwa kila mahali. Rangi inayotoka yote ukisugua punje kwa kidole kilicholowa inatia shaka, lakini hata mbegu halisi huacha doa, kwa hiyo nisingemshauri mtu akate shauri kwa kipimo hicho. Tena usiijaribu kwa ulimi. Ile ni sumu.

Pakiti nayo inasaidia, ila ina mpaka wake. Mchoro wenye mistari myembamba, rangi zinazobadilika ukiigeuza pakiti na mshono usioweza kufunguliwa bila kuchanika, vyote humwongezea mlaghai gharama na kumchelewesha. Wengine hujikwaa kwenye herufi, kwa sababu maandishi madogo ya nyuma ndiyo wanayoyapuuza. Mwenye bidhaa hushawishika kubadilisha pakiti kila mara ili awakimbie. Hapo ndipo kampuni nyingi hujiumiza. Mkulima anayekuja mjini mara moja kwa msimu huijua mbegu yake kwa picha na rangi. Ukimbadilishia, pakiti mpya ndiyo ataishuku, na ile ya zamani, ambayo mlaghai amekwisha kuichapisha kwa wingi, ndiyo atakayoiamini. Sura kubwa ya pakiti iachwe ilivyo kwa miaka, na mabadiliko yawekwe kwenye kibandiko kidogo ambacho mnunuzi amefundishwa kukitazama.

Kenya ilikwenda njia hiyo. Shirika la KEPHIS, linalokagua mashamba ya mbegu na kupima mbegu kwenye maabara, hutoa vibandiko vya kukwangua vinavyowekwa juu ya vifurushi vidogo. Chini ya utando wa kukwangua kuna namba ya siri, na kila kifurushi kina namba yake. Mnunuzi huikwangua, huituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 bila kulipia, na hurudishiwa taarifa za mbegu iliyosajiliwa kwa namba ile: ni ya kampuni gani, ni zao na aina gani, na fungu lake ni namba ngapi. Fungu ni ule mkupuo mmoja wa mbegu uliopimwa pamoja, na namba yake huchapishwa pia kwenye pakiti.

Mtu akiusikia mpango huu hudhani nguvu yake iko kwenye kibandiko. Kibandiko ni karatasi kama karatasi nyingine, na kinaweza kuchapishwa. Nguvu iko kwenye jibu, kwa sababu jibu linatoka mahali ambapo mlaghai hafiki. Akibuni namba ya uongo, haitakuwamo kwenye orodha. Akinakili namba moja ya kweli kwenye pakiti 1,000, mfumo unaokumbuka namba zilizokwisha kuulizwa unaweza kumwonya mnunuzi wa pili. Akiokota pakiti halisi zilizotupwa na kuzijaza upya, kibandiko kimekwisha kukwanguliwa, na hilo linaonekana kwa macho.

Hata hivyo kuna njia mbili za kuuzunguka mpango wa aina hii, na zote hupitia kwa mnunuzi. Ya kwanza ni kuchapisha kibandiko chenye namba ya simu ya mlaghai mwenyewe. Mnunuzi hutuma ujumbe, naye hujibiwa mara moja na kwa heshima kwamba mbegu ni halali. Ndiyo maana namba ya kuulizia isitegemee kusomwa kwenye pakiti peke yake. Sharti mtu aijue kabla ya kuingia dukani: kwenye redio, kwenye mkutano wa chifu, kwenye bango la ukutani. Njia ya pili ni kuhamisha kibandiko halisi kutoka mbegu ya bei ndogo na kukibandika kwenye nyingine. Jibu litakuja kwamba ni halali, na kweli ni halali, ila kwa aina tofauti. Mnunuzi anayeishia kwenye neno la furaha bila kulinganisha jina la aina na namba ya fungu amekwisha kutapeliwa huku simu ikiwa mkononi.

Tena kuna suala la wakati. Wengi hukwangua wakifika nyumbani, au wakiwa shambani asubuhi ya kupanda, ilhali duka liko kilomita nyingi na mvua imeanza. Jibu baya linalofika saa hiyo halina kazi kubwa. Kukwangua kunafaa kwenye kaunta, noti ikiwa bado mfukoni. Muuza pembejeo mwaminifu hana sababu ya kukasirika. Anaweza kuokoa muda kwa kumwonyesha mteja utando mzima na kumwazima kucha.

Halafu kuna ule msemo wa kila siku dukani: "Nipimie kilo moja tu, mama." Mkulima wa robo ekari hahitaji pakiti kadhaa, na mara nyingine hana pesa za hata moja. Muuzaji hufungua kifurushi au gunia na kumpimia kwa gorogoro. Kwa hatua hiyo pakiti, kibandiko, namba na ujumbe wa simu vimeachwa nyuma kwa mpigo mmoja. Dawa ya hapo haipatikani kwenye mafunzo. Ni kampuni kufunga pakiti ndogo zaidi, na kuvumilia kwamba vibandiko vitakuwa vingi na faida ya kila pakiti itapungua.

Elimu kwa wateja ina hatari yake, na sioni ikisemwa vya kutosha. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba mbegu chotara ya mahindi iliyonunuliwa kwenye maduka ya vijijini ilikuwa na chini ya nusu ya mbegu halisi. Habari hiyo ilienea. Lakini utafiti mwingine wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2020, ulichunguza vinasaba na kuona kwamba mbegu ileile haikubadilika sana kutoka juu hadi chini ya mlolongo wa biashara, ukaelekeza macho kwenye utunzaji. Mbegu halisi iliyowekwa karibu na bati la moto kwa miezi inakufa bila mlaghai kuigusa. Na Morogoro, Tanzania, watafiti walipopima mbolea ya dukani waliikuta kwa sehemu kubwa ina virutubisho vilivyotakiwa, huku wakulima wakiamini imechakachuliwa, wengine kwa kuona tu imeganda mabonge.

Kampuni inayopiga mbiu kwamba mbegu feki zimejaa kila mahali, kwa hiyo, inaweza kumfukuza mteja sokoni kabisa badala ya kumleta kwake. Tangazo linalofaa halizungumzii hofu. Linampa msikilizaji kazi ya dakika mbili: tazama utando, kwangua kabla ya kulipa, tuma kwa namba unayoijua, soma jina la aina na namba ya fungu, linganisha. Na liseme wazi cha kufanya jibu likiwa baya, maana hapo ndipo matangazo mengi hukatika ghafla.

Jibu likiwa baya, usilipe, usiibebe pakiti kwa kificho, na usianze ugomvi na muuzaji, ambaye huenda naye ameuziwa. Piga picha ya kibandiko na namba ya fungu, kisha uitaarifu KEPHIS au kampuni. Kama umekwisha kupanda, kilichobaki ni risiti, pakiti tupu yenye lebo yake na gao moja la punje ulizoziacha bila kupanda. Mwenye vitu hivyo vitatu ana malalamiko yanayoweza kuchunguzwa: namba ya fungu inampeleka mkaguzi kwenye rekodi za maabara na kwa msambazaji, risiti inampeleka dukani, na zile punje zinaweza kupandwa kando ya mbegu ya fungu lilelile iliyohifadhiwa, zikakuzwa pamoja na kulinganishwa.