Je, wajua? Katoni 100 za sabuni na uzio wa mraba

Chukua duka la jumla lililo nje kidogo ya mji, linalouza sabuni ya mche. Watu hufua masika na kiangazi, kwa hiyo sabuni haina msimu: duka huuza katoni 50 kila mwezi, yaani 600 kwa mwaka. Wakala wa mjini huiuza katoni moja shilingi 24,000. Kila gari linapokwenda kuchukua mzigo, lirudi na katoni ngapi?

Mwanafunzi wa biashara hukutana na swali hili darasani chini ya jina la kiasi nafuu cha kuagiza, na mara nyingi huishia kukariri kanuni:

```
Q = √(2DS / H)
```

Q ni idadi ya kuagiza kila mara, D ni mahitaji ya mwaka, S ni gharama ya kuagiza mara moja, na H ni gharama ya kutunza katoni moja kwa mwaka mzima. Ukiikariri hivihivi utaisahau kabla ya mtihani. Tuiache kwanza, turudi dukani.

Kila safari ya mjini ina gharama zake. Gari la kukodi ni shilingi 30,000, nauli na chakula cha kijana anayesimamia mzigo ni 6,000, simu na ada ya kutuma fedha ni 4,000. Jumla ni 40,000, na haibadiliki gari lirudi na katoni 50 au 200. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kuli anayelipwa kwa kila katoni haingii kwenye hesabu hii, kwa sababu katoni 600 zitabebwa mwaka huu hata zikija kwa safari ngapi. Bei ya sabuni yenyewe nayo haimo, kwani shilingi milioni 14.4 zitalipwa vyovyote vile. Tunachohesabu ni kile kinachoongezeka kwa kuongeza safari, basi.

Upande wa pili ni stoo. Katoni iliyokaa ni shilingi 24,000 zilizolala. Kama mwenye duka anafanya biashara kwa mkopo wa riba ya asilimia 15, fedha hiyo inamgharimu 3,600 kwa mwaka. Ongeza 1,200 kwa ajili ya nafasi ya stoo, panya wanaotafuna maboksi, na mche unaokauka na kupungua uzito kadiri unavyokaa. Kutunza katoni moja mwaka mzima ni 4,800. Lakini duka halitunzi oda nzima mwaka mzima. Mzigo huingia ukiwa kamili na kuuzwa hadi uishe, kwa hiyo kwa wastani stoo ina nusu ya oda.

Sasa tujaribu. Akiagiza katoni 50 kila mara, atakwenda mjini mara 12, na safari zitamla 480,000. Stoo, yenye wastani wa katoni 25, itamla 120,000. Jumla ni 600,000. Akiogopa safari na kuagiza 200, atakwenda mara 3 tu kwa 120,000, lakini wastani wa katoni 100 stoo utamgharimu 480,000. Ni 600,000 ileile. Akiagiza 100, safari 6 ni 240,000, na wastani wa katoni 50 ni 240,000. Jumla inashuka hadi 480,000.

Zitazame hizo jozi kwa utulivu, kwa maelfu: 480 na 120, 120 na 480, 240 na 240. Zidisha kila jozi. Zote zinatoa 57,600. Ukiongeza oda maradufu, gharama ya safari inakatwa nusu na ya stoo inakuwa maradufu, kwa hiyo zao lao halisogei kamwe. Kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika mada hii, na nasikitika kwamba vitabu vingi hulipita na kukimbilia kalkulasi.

Maana sasa swali limegeuka kuwa la shamba. Una shamba la mstatili lenye eneo maalumu, nawe unataka kulizungushia uzio mfupi kuliko wote. Shamba jembamba na refu hula waya mwingi. Mraba ndio unaotumia waya mchache kabisa. Vivyo hivyo, namba mbili zenye zao lisilobadilika zina jumla ndogo zinapokuwa sawa. Kwa hiyo oda nafuu ni ile ambayo gharama ya safari inalingana na gharama ya stoo. Andika usawa huo kwa herufi, S mara D/Q upande mmoja na H mara Q/2 upande wa pili, kisha itafute Q. Kanuni inajitokeza yenyewe, pamoja na kile kipeuo cha pili. Kwa duka letu, 2 × 600 × 40,000 ni 48,000,000. Gawa kwa 4,800 upate 10,000. Kipeuo chake ni 100.

Aliyeichapisha kwanza hesabu hii ni Ford W. Harris, mhandisi wa Marekani, mwaka 1913, katika jarida la Factory. Yeye alikuwa akifikiria karakana: kutega mashine kwa ajili ya kipuri fulani kuna gharama yake, basi zitengenezwe ngapi kwa mkupuo? Miaka 21 baadaye R. H. Wilson aliandika juu ya udhibiti wa bidhaa ghalani, na jina lake likashika. Mwanafunzi wa Bujumbura au Lubumbashi anayesoma kwa Kifaransa hukutana nayo kama kanuni ya Wilson, na mara nyingi Harris hatajwi.

Je, usipojua S na H kwa uhakika? Hapa mraba unakusaidia tena. Uzio wa shamba lililokaribia kuwa mraba hauzidi sana ule wa mraba wenyewe. Mwenye duka akiagiza 125 badala ya 100, jumla yake ni 492,000, nyongeza ya asilimia 2.5 tu. Hata akikadiria gharama ya safari maradufu ya ilivyo, ataagiza kama katoni 141 na kulipa asilimia 6 zaidi. Kwa hiyo kama gari linajaa kwa katoni 110, lijaze, usigombane na kipeuo.

Kanuni inapotosha kweli pale bei inapobadilika kwa wingi. Tuseme wakala anapunguza 500 kwa kila katoni kwa anayechukua 200 kwa mara moja. Kwa katoni 600 hizo ni 300,000 kwa mwaka, wakati kuagiza 200 kulimzidishia gharama 120,000 pekee. Achukue punguzo, mradi ana mtaji wa 4,700,000 mkononi na mahali pakavu pa kuweka mzigo. Na bidhaa yenye msimu, kama madaftari yanayokimbia Januari na kudoda Aprili, haiingii humu kabisa, kwa sababu ile nusu ya oda tuliyoiita wastani wa stoo haipo tena.

Kuna jambo moja ambalo 100 haisemi: siku ya kupiga simu. Duka likifunguliwa siku 300 kwa mwaka, huuza katoni 2 kwa siku. Kama mzigo hufika siku ya 5 baada ya kuagizwa, simu ipigwe zikibaki 10, na mwenye duka mwangalifu huongeza 4 au 5 kwa ajili ya wiki ambayo barabara imekatika kwa mvua.