Vuta, Kagua, Usichapishe

Kila siku ya kazi, yapata saa 10 jioni kwa saa za Frankfurt, Benki Kuu ya Ulaya hutoa orodha ya viwango vya yuro dhidi ya sarafu nyingine: dola, yeni, pauni, lira ya Uturuki na kadhalika. Kutoka Afrika imo randi peke yake, shilingi zetu hazimo. Hata hivyo duka la vipuri vya magari ninalolisaidia hapa Dar es Salaam huitegemea orodha hiyo, maana linaagiza mizigo Ujerumani na Japani, na kabla ya kulinganisha bei za wauzaji wawili ni lazima wajue yuro moja ni yeni ngapi.

Anayewaletea orodha ni programu ndogo niliyowaandikia. Inavuta faili kutoka benki, inaikagua, halafu inaichapisha kwenye jedwali ambalo wauzaji hulisoma kwenye skrini za kaunta. Inajiendesha yenyewe kila jioni, na hapo ndipo hatari ilipo: ikikosea, hakuna anayeulizwa. Mteja anakuwa ameshatajiwa bei.

Kwa sababu hiyo programu ina namna ya pili ya kuendeshwa, ambayo mafundi huiita mwendo wa majaribio. Unaandika hivi:

```
python3 sasisha.py --dry-run
```

Ukiiendesha hivyo, inavuta data halisi kutoka chanzo halisi, inapitisha ukaguzi wote, inakuonyesha ingebadilisha nini, kisha inaishia hapo. Jedwali la kaunta linabaki kama lilivyokuwa.

Wengi wakisikia neno majaribio hudhani ni programu nyingine ya pembeni, yenye data ya kubuni. Hiyo haisaidii kitu. Majaribio yana maana pale tu yanapopita njia ileile ya siku ya kazi, hatua kwa hatua, na kuachana nayo mwishoni kabisa. Kwenye programu yangu sehemu yenyewe ni hii:

```python
data = vuta(ANWANI)
makosa = kagua(data, ya_sasa)
onyesha_tofauti(data, ya_sasa)
if makosa:
    sys.exit(1)
if not majaribio:
    chapisha(data)
    weka_alama(data.tarehe)
```

Neno `majaribio` limetokea mara moja tu. Nimeona programu ambazo neno hilo limetapakaa kila mahali: ukiwa majaribioni usivute, ukiwa majaribioni ruka ukaguzi huu. Mwisho wake unajaribu kitu ambacho hakuna siku kitatumika.

Ukaguzi wa kwanza ni wa tarehe, na ndio ulionifundisha mengi. Ulaya hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi hatubadilishi. Wakati wa kiangazi chao, saa 10 jioni ya Frankfurt ni saa 11 jioni hapa kwetu. Majira ya baridi inakuwa saa 12 jioni. Programu iliyopangwa kuamka saa 11 na nusu hufanya kazi vizuri tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, kisha ghafla inaanza kuleta orodha ya jana. Faili inafika salama, namba zote zinaonekana za kweli, na kweli ni za kweli, ila ni za jana. Kwa macho hutaligundua hilo. Tarehe iliyoandikwa ndani ya faili ndiyo inayosema, na ripoti ya majaribio lazima iitaje kwenye mstari wa kwanza. Na ukaguzi wenyewe uwe na akili: Jumamosi na Jumapili benki haitoi orodha mpya, wala Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Mei Mosi, Krismasi na siku inayofuata, wala Mwaka Mpya. Tarehe ya Ijumaa ikionekana Jumapili si kosa.

Ukaguzi wa pili huuliza kama sarafu zote zilizokuwepo bado zipo. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Kroatia iliacha sarafu yake, kuna, ikaingia kwenye yuro. Orodha ya kwanza ya mwaka huo, ya Jumatatu tarehe 2 Januari, ilikuja na sarafu 30 badala ya 31. Jioni ile niliendesha majaribio kwanza. Ripoti ilisema `HRK` haipo, na programu ikafunga kwa alama ya kushindwa. Dukani hakuna anayenunua chochote kwa kuna. Lakini sarafu hiyo moja isiyotumika ingezuia orodha yote isichapishwe, na wauzaji wangeendelea kusoma viwango vya Desemba. Ningekuwa sina ukaguzi huo, mambo yangeharibika kwa upande mwingine: kiwango cha mwisho cha kuna kingebaki kwenye jedwali miaka yote kana kwamba sarafu ingali hai. Programu haiwezi kujua kama sarafu imekufa au faili imekatika njiani. Mtu ndiye anayejua. Niliitoa `HRK` kwenye orodha ya sarafu zinazotakiwa, nikarudia majaribio, yakapita, ndipo nikachapisha.

Sasa nieleze kosa lililoniuma, ambalo lilikuwa ndani ya majaribio yenyewe. Programu huweka alama ya tarehe iliyochapishwa mwisho, ili isichapishe kitu kilekile mara mbili. Katika toleo langu la awali, alama hiyo iliwekwa mara tu data ilipovutwa. Nikaendesha majaribio, yakapita vizuri. Programu ilipoamka jioni, ikatazama alama, ikaona tarehe ya leo, ikaamua kwamba hakuna jipya, ikalala. Ripoti zote mbili zilikuwa safi. Mama wa kaunta ndiye aliyenipigia asubuhi: “Mwanangu, mbona yeni haijasogea tangu juzi?” Ndiyo maana `weka_alama` sasa imekaa chini ya `chapisha`, ndani ya sharti lilelile. Kutochapisha ni zaidi ya kutogusa jedwali. Ni kutoweka alama, kutotuma barua pepe ya taarifa, na kutofuta nakala ya jana.

Majaribio haya yana mahali yasipofika. Kwa kuwa hayafungui mlango wa kuchapishia, hayawezi kukuambia kama nywila ya seva imekwisha muda au diski imejaa. Tena, kati ya majaribio na kuchapisha chanzo kinaweza kubadilika. Ukijaribu saa 11 jioni mwezi Januari na kuchapisha saa 12 na nusu, umekagua orodha moja na kuchapisha nyingine. Dawa yake ni kuihifadhi kando ile faili iliyokaguliwa, na kuichapisha hiyohiyo bila kuvuta upya.

Kama ofisini kwenu kuna programu inayosemwa kuwa ina mwendo wa majaribio, msiamini maelezo yake peke yake. Chukueni alama ya faili iliyochapishwa, na ya faili inayotunza tarehe ya mwisho, kwa amri hii:

```
sha256sum viwango.json alama.txt
```

Endesheni majaribio, kisha itoeni amri hiyo tena. Herufi hata moja ikiwa imebadilika kwenye alama hizo, programu hiyo inaandika mahali isipotakiwa, na aliyeitengeneza airekebishe kabla ya jioni.