Miwani ya progresivu: ukungu wa pembeni na kizunguzungu vinatoka wapi

Chukua mwalimu wa miaka 52. Barabara anaiona, ubao anauona, ila kusahihisha madaftari kumemshinda. Amepimwa macho na kuandikiwa miwani ya progresivu yenye nyongeza ya 2.00 ya kusomea. Siku ya kwanza anasoma vizuri, lakini akitupa jicho pembeni miimo ya milango inapinda, na akigeuza kichwa chumba kinayumba. Anahisi ameuziwa miwani mbovu. Huenda haina kasoro yoyote.

Lenzi hizi, zilizoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1959 kwa jina la Varilux, hazina ule mstari unaoonekana kwenye miwani ya sehemu mbili. Juu ni pa kuonea mbali, chini ni pa kusomea, na katikati kuna njia nyembamba ambamo nguvu huongezeka kidogo kidogo. Ili nguvu iongezeke, uso wa lenzi lazima uzidi kubinuka kadiri unavyoshuka. Uso huo ukiachwa bila mkato wowote, hauwezi kubinuka hivyo katikati bila kupotoka pembeni. Upotofu huo ndio ukungu.

Mwaka 1963 Minkwitz alionyesha kwa hesabu kwamba, karibu na mstari wa katikati, upotofu hukua kuelekea pembeni kwa kasi mara mbili ya ile ya nguvu inavyoongezeka kuelekea chini. Tuseme njia ya mwalimu wetu ina urefu wa milimita 14. Nguvu inapanda kwa takriban 0.14 kila milimita, kwa hiyo upotofu unakua kwa takriban 0.29. Akitoka milimita tatu na nusu tu pembeni mwa mstari, upotofu umefika 1.00, na herufi zinaanza kuwa na kivuli. Nyongeza yake ingekuwa 1.00, angefika hapo kwenye milimita saba. Ndiyo maana anayeanza progresivu mapema, nyongeza ikiwa bado ndogo, huzoea kwa urahisi zaidi. Kiwanda kinaweza kuutandaza ukungu huo au kuusukumia kwenye kona. Kuuondoa wote hakiwezi.

Kizunguzungu kina chanzo kingine. Ukigeuza kichwa kulia, sikio la ndani huamuru macho yaende kushoto kwa kasi ileile, ili unachokitazama kitulie. Ubongo umezoea kipimo hicho kwa miaka mingi. Sasa lenzi inakuza vitu kwa viwango tofauti, katikati hivi na pembeni vile, na taswira inatembea kwa kasi ambayo sikio halikuitarajia. Sikio linasema hivi, jicho linasema vile, na mtu anasikia kichefuchefu.

Ubongo hurekebisha kipimo hicho kwa kurudiarudia kosa lenyewe. Wengi huzoea ndani ya wiki moja au mbili, wachache hufika mwezi. Anayeivaa asubuhi, akaivua mchana na kurudia ya zamani, anaurudisha ubongo nyuma kila mara. Ivae kutwa, geuza pua kuelekea unachotazama badala ya kugeuza macho peke yake, na usiendeshe gari hadi chumba kiache kuyumba. Kwenye ngazi inamisha kidevu: sehemu ya chini imepangwa kwa umbali wa kitabu, na sakafu iko mbali kuliko hapo. Kuyumba kutaisha. Ukungu wa pembeni utabaki palepale; wewe ndiye utakayeacha kuutazama.

Kuna kisichozoeleka, nacho ni lenzi iliyokaa vibaya. Ukilazimika kuinua kidevu ili usome, lenzi imekaa chini mno, au fremu inateleza puani. Ukilazimika kuinamisha kidevu ili uone mbali, imekaa juu mno. Kwa upande kwa upande, shika ukurasa mbele yako, kichwa kitulie, ufumbe jicho moja kisha jingine. Kila jicho likiwa na sehemu yake safi, moja imehamia kushoto na nyingine kulia, basi umbali kati ya mboni ulipimwa vibaya.

Wiki mbili zikipita na dalili hizo zipo, rudi ulikonunua. Kila lenzi ina alama ndogo zilizochongwa, ambazo huonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Fundi akizifuata anaweza kuichora upya ile alama ya msalaba iliyofutwa siku ya kukabidhiwa. Vaa miwani, simama mkitazamana, macho mbele. Kwa kawaida msalaba unatakiwa uangukie katikati ya mboni. Ukipishana kwa milimita mbili tatu, mwambie akaze fremu au ainue vipumzishio vya pua. Ukiwa bado umepishana, lenzi zikatwe upya. Lakini kizunguzungu kikiendelea hata baada ya kuvua miwani, au ukiona vitu viwili viwili, nenda kwa daktari. Hilo si la fundi.