Sekunde Moja ya Kutembea

Mhusika wa mchezo wa simu anaweza kutembea saa nzima, ilhali mhuishaji alitengeneza sekunde 1 tu ya mwendo wake. Sekunde hiyo ina fremu 24 na hatua mbili, ya kushoto na ya kulia. Ikiisha, inaanza upya. Hapa tutamtembeza kwa programu ya Blender mhusika wa poligoni chache, yaani mwili uliojengwa kwa pembetatu mia kadhaa tu. Uso wake hauna mikunjo na nguo zake hazipepei, kwa hiyo mtazamaji hana kingine cha kutazama ila nyonga, magoti na mikono.

Pozi la kwanza ni la mguso, na linakaa fremu ya 1. Kisigino cha mguu wa kushoto ndiyo kwanza kinafika chini mbele, mguu wa kulia umebaki nyuma kwenye vidole, na mkono wa kulia uko mbele. Tuseme mguu wake una urefu wa sentimita 80 kutoka nyonga hadi kifundo, na kila unyayo uko sentimita 30 kutoka usawa wa nyonga, mmoja mbele na mwingine nyuma. Miguu ikitanuka hivyo, nyonga lazima zishuke. Tuziweke kwenye sentimita 73 juu ya vifundo.

Pozi la fremu ya 13 halichorwi upya. Unachagua mifupa yote, unainakili kwa Ctrl+C, kisha unaibandika kwa Ctrl+Shift+V, na kushoto kunageuka kulia. Hilo linawezekana tu kama majina ya mifupa yana alama za pande, kwa mfano .L na .R mwishoni. Pozi la fremu ya 1 linarudiwa kwenye fremu ya 25, lakini uchezaji unakomea ya 24. Ukiiacha ya 25 ichezwe, pozi lilelile litaonekana mara mbili mfululizo, na mhusika atasita kidogo kila mzunguko.

Kati ya miguso miwili kuna pozi la kupishana, fremu ya 7. Mguu wa kushoto umesimama wima chini ya mwili, wa kulia umekunja goti na unaupita. Sasa nyonga zinapanda hadi sentimita 78. Mbona si 80? Kwa sababu mguu ukinyooka kabisa, goti linaloongozwa na unyayo huruka ghafla linapoanza kukunjika tena. Sentimita 2 za akiba zinatosha kulituliza. Pozi hili nalo linageuzwa kwa fremu ya 19, na kimo cha nyonga lazima kilingane na cha fremu ya 7. Kikitofautiana, mhusika atachechemea.

Ukicheza sasa, mwendo upo, ila unyayo unateleza kama uko juu ya sabuni. Kosa haliko kwenye pozi. Blender, isipoambiwa vinginevyo, huanza kila mwendo taratibu na kuumaliza taratibu, na unyayo uliokanyaga haupaswi kufanya hivyo: ardhi inarudi nyuma kwa kasi moja. Chagua alama za unyayo wa kushoto kutoka fremu ya 1 hadi ya 13, bonyeza T ndani ya Graph Editor, uchague Linear. Kwa unyayo wa kulia, fanya hivyo kutoka ya 13 hadi ya 25.

Kinachobaki ni ukakamavu. Kila kiungo kinafika mwisho wa safari yake kwenye fremu ileile, na mhusika anatembea kama askari wa gwaride. Dawa yake ni kuchelewesha. Sogeza alama za mkono wa juu mbele kwa fremu 1, za kigasha kwa 3, za kichwa kwa 2. Nyonga na miguu usiiguse, maana ndiyo inayoshika ardhi. Shida ni kwamba kigasha sasa kinaanza fremu ya 4 na kuishia ya 28, hivyo fremu 3 za mwanzo kinaganda halafu kinashtuka. Bonyeza Shift+E kwenye Graph Editor na uchague Make Cyclic. Mstari wake utajirudia pande zote mbili na pengo litazibika. Binafsi siendi zaidi ya fremu 4 kwa mwili wenye pande chache hivi, maana mkono huanza kuning'inia kama haujaunganishwa begani.

Kabla ya kumkabidhi kwa mtengenezaji wa mchezo, mpe na kasi yake. Unyayo ulirudi nyuma sentimita 60 kwa fremu 12, yaani nusu sekunde, kwa hiyo mhusika asogezwe mita 1.2 kwa sekunde. Wakimsogeza mita 2, atateleza tena hata kama alama zote ziko sawa, na hapo anahitaji hatua ndefu zaidi na mzunguko mfupi zaidi, na pozi la mguso lianze upya.