Herufi Moja Inayoleta Selimundu

Selimundu hutokana na kubadilika kwa herufi moja ya DNA. Herufi hiyo imo katika jeni iitwayo HBB, yenye maelekezo ya kutengeneza mnyororo wa beta. Mnyororo huo ni sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, nao una asidi amino 146. Mwaka 1957, mwanasayansi Vernon Ingram wa Cambridge alionyesha kwamba katika himoglobini ya wagonjwa ni asidi amino moja tu ya mnyororo huo iliyobadilika. Tukiifuata herufi hiyo tangu kwenye DNA hadi kwenye protini, maswali mengi ya mtihani yanayowasumbua wanafunzi hujibika.

Hatua ya kwanza ni unakili, nayo hufanyika ndani ya kiini cha seli. DNA ina nyuzi mbili zinazokabiliana: A hukaa na T, C hukaa na G. Kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi husoma uzi mmoja tu, yaani uzi kiolezo, na kuunda RNA kwa kufuata ulinganifu huohuo, ila mahali pa T huweka U. Kipande kinachotuhusu, kwenye uzi kiolezo, ni GGA CTC CTC. Nakala yake ni CCU GAG GAG. Nakala hiyo hukatwa vipande visivyohitajika, kisha hutoka nje ya kiini ikiitwa RNA mjumbe.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Swali likitoa uzi wa DNA, lazima ujue kwanza kama ni kiolezo au ni mwenzake. Mwenzake hufanana na RNA yenyewe, kwa hiyo kazi yako ni kubadilisha T kuwa U tu. Dalili nzuri ni mwanzo wa ujumbe: RNA mjumbe huanza kutafsiriwa kwenye AUG, hivyo kiolezo huonyesha TAC mahali hapo, na mwenzake ATG.

Hatua ya pili ni utafsiri. Ribosomu husoma RNA mjumbe herufi tatu tatu, na kila tatu huitwa kodoni. CCU huleta prolini, na GAG huleta asidi glutamiki. Kodoni ziko 64. Kati yake 61 huleta asidi amino, na tatu zilizobaki, UAA, UAG na UGA, husimamisha kazi. Kwa kuwa asidi amino ni 20 tu, nyingi zina kodoni zaidi ya moja.

Sasa tazama kodoni ya sita ya mnyororo wa beta, tukihesabu bila ile AUG ya mwanzo. Katika selimundu, kiolezo CTC kimekuwa CAC, kwa hiyo RNA inasoma GUG badala ya GAG. Ribosomu haina namna ya kujua kuwa kuna kosa. Inaweka valini mahali pa asidi glutamiki, kisha inaendelea hadi mwisho. Mnyororo unatoka na urefu wake kamili. Tatizo ni kwamba asidi glutamiki ina chaji na hupenda maji, ilhali valini huyakwepa. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujishikiza kwenye molekuli jirani, na molekuli nyingi zikishikana hufanya nyuzi ndefu ngumu. Chembe ya damu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kufa mapema. Hayo humpata aliyerithi jeni yenye badiliko hili kutoka kwa baba na kwa mama pia.

Lakini si kila badiliko la herufi huleta haya. Kodoni hiyohiyo ikigeuka GAA, asidi amino inabaki ileile, na protini haibadiliki. Ikigeuka AAG, inakuja lisini, nayo hutoa himoglobini C, inayojulikana zaidi Afrika Magharibi, ambayo athari yake ni nafuu kuliko selimundu. Ikigeuka UAG, utafsiri ungesimama hapo hapo, na mnyororo ungeishia na asidi amino tano.

Kuna pia watu waliopoteza kabisa ile A ya katikati. Kwao kodoni zote zinazofuata husogea kwa herufi moja: GAG GAG AAG inasomeka GGG AGA AG, na mbele kidogo, kwenye nafasi ya 18, inajitokeza UGA. Mnyororo mzima wa beta hautengenezwi, na matokeo yake ni ugonjwa wa thalasemia.

Kwa hiyo, ukiulizwa athari ya badiliko, usijibu kwa kutazama DNA peke yake. Andika RNA, igawe tatu tatu kuanzia AUG, tafuta asidi amino ya kila kodoni, kisha linganisha tabia ya iliyotoka na ya iliyoingia. Jibu linapatikana kwenye protini.