Slaidi Haisemi Kwa Nini

Mhadhiri anapoonyesha slaidi ukutani, hoja yote imo katika sauti yake; maneno yaliyoandikwa yanamkumbusha tu cha kusema. Akishaondoka, mwanafunzi anabaki na vipande vya maneno. Tuchukue slaidi moja kuhusu selimundu, ya aina ambayo mwanafunzi wa uuguzi hukutana nayo:

- Asidi ya glutamiki → valini, nafasi ya 6
- SS: upungufu wa damu, maumivu
- AS: kinga ya malaria
- Jeni nyingi pwani na kanda ya ziwa, chache milimani

Mistari hii minne imepangwa kana kwamba ina hadhi sawa. Kumbe wa kwanza ni chanzo, wa pili na wa tatu ni matokeo yake, na wa nne ni ushahidi. Kabla ya kuandika lolote, jiulize kila mstari unafanya kazi gani. Mara nyingi utagundua kwamba mpangilio wa slaidi si mpangilio wa hoja.

Kisha geuza kila kipande kuwa sentensi yenye mtenda na kitenzi. “Kinga ya malaria”: nani anakingwa, na anakingwa na nini hasa? Ukijibu utaandika hivi: mtoto aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu anaweza kuambukizwa malaria kama wenzake, ila ni nadra kwake kupata malaria kali. Mtu aliyeishia kwenye slaidi hudhani kirahisi kwamba SS, mwenye jeni mbili, amekingwa maradufu. Mambo ni kinyume. Mwenye ugonjwa akipata malaria yuko hatarini zaidi, ndiyo maana watoto hao hupewa dawa za kuzuia malaria. Slaidi haikudanganya, iliacha pengo, na msomaji akaliziba kwa kukisia.

Kazi ngumu iko kati ya mstari na mstari. Jaribu kutia “kwa hiyo” baina yao. Valini imechukua nafasi ya asidi ya glutamiki, kwa hiyo mtoto ana maumivu? Haiunganiki, maana hatua kadhaa zimerukwa. Asidi ya glutamiki hupatana na maji, valini huyakimbia. Himoglobini ikishatoa oksijeni yake, ile valini hujibanza kwenye himoglobini ya jirani, nayo kwa nyingine, hadi nyuzi ndefu ngumu zinajengeka ndani ya chembe nyekundu. Nyuzi hizo huipinda chembe iwe kama mundu. Chembe ngumu iliyopinda haipiti vizuri kwenye mishipa myembamba, kwa hiyo damu huziba njia na maumivu huanza. Chembe hizo pia hufa mapema, baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120 hivi, kwa hiyo damu hupungua. Sasa “kwa hiyo” imepata miguu.

Kwa AS hatua ni nyingine. Himoglobini yake ya selimundu haifiki nusu ya himoglobini yote, kwa hiyo katika maisha ya kila siku chembe zake hazipindi. Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe, hali ya humo hubadilika, chembe hupinda kwa urahisi zaidi, na wengu huiondoa pamoja na mgeni wake. Hiyo ni njia moja kati ya kadhaa ambazo wanasayansi wamezieleza, kwa hiyo notisi iseme “njia mojawapo”. Atakayeandika “ndiyo sababu” amekwenda mbali kuliko ushahidi.

Mstari wa nne ndio hupita bila kuulizwa. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba jeni hii imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria lakini ni adimu nyanda za juu, akaihusisha na malaria katika maandishi yake ya mwaka 1954. Bila maelezo hayo mstari huo ni jiografia tu. Ukiyatia, unajibu swali ambalo slaidi haikuliuliza: kwa nini jeni inayoua watoto haijatoweka? Kwa sababu penye malaria nyingi, AS hupona na kuzaa kuliko AA, na hivyo hurithisha kile ambacho SS hupoteza.

Maelezo uliyoyatia mwenyewe yawekee alama, hata mstari wa penseli pembeni, yasije yakachanganyika na ya mhadhiri kabla hujayahakiki kitabuni.

Mwisho, ipime notisi kwa swali lisilo kwenye slaidi. Wazazi wawili wa AS wanauliza kuhusu mtoto wao ajaye. Kila mzazi hutoa jeni moja kati ya mbili, kwa hiyo uwezekano wa SS ni robo, wa AS nusu, wa AA robo, na hesabu huanza upya kwa kila mimba. Notisi isiyoweza kukufikisha hapo bado ina pengo, na hapa pengo ni kwamba hakuna mahali palipoeleza herufi hizo mbili zinatoka wapi.