Ile video ya shimo: ni ya leo ao ni ya zamani?

Mama mumoja alifika kwetu ku sendika asubui mapema, telefoni mukononi. "Papa, bwana yangu iko kule chini. Ni kweli?" Mu video, mutu anafukua udongo na mikono, na wachimbaji wanatoka mu shimo mumoja mumoja. Juu yake wameandika: KOLWEZI, LEO.

Kwanza tulipigia mukubwa wa shimo simu. Watu wake wote walikuwa wazima. Kiisha tukarudilia ile video, juu mu grupe ya WhatsApp batu walikuwa wanabishana. Mumoja alituonyesha jina lake: VID-20250612-WA0007.mp4. "Munaona? Tarehe 12 mwezi wa 6, njo leo!"

Pale njo wengi wanadanganyika. Ile tarehe, ni WhatsApp inaiandika siku video inaingia mu telefoni yako. Video ya miaka kumi ikikufikia kesho, itabeba tarehe ya kesho. Tena, WhatsApp inaipunguza ikuwe ndogo, na alama za ndani, zile za siku na za telefoni iliyoikamata, zinapotea. Ili kuzisoma, mwenye kuikamata akutumie ile yake ya kwanza kama Document. Hapo MediaInfo inaonyesha siku na saa, mara nyingi ya UTC: ikiandika 08:40, kwetu Kolwezi ilikuwa 10:40. Na kama saa ya telefoni ilikuwa mbaya, tarehe nayo itakuwa mbaya.

Lakini mwenye kuikamata hatukumupata. Kila mutu alijibu: "Nami nimetumiwa." Ikabaki paka picha.

Tulisimamisha video pahali hakuna vumbi, wakati mutu wa kwanza anatoka, tukapiga kapture. Tukakata yale maandishi ya KOLWEZI, juu yanaweza kupoteza utafuti. Kiisha tukaingiza picha mu Google Lens. Mara ya kwanza ilituletea milima na udongo mwekundu wa kila inchi, bure kabisa. Tulipima picha ingine, ya watu wakiwa karibu na shimo. Hapo ikatoka.

Ukurasa wa juu ulikuwa wa juzi, na kama tungeishia pale tungesema ni mupya. Tulishuka mpaka habari za mwezi wa 3, 2023: shimo la zahabu la Luhwindja, Kivu ya Kusini, liliporomoka, na wachimbaji tisa wakatoka wazima. Tukatazama video zote mbili pamoja. Mutu yule yule anafukua, wanatoka kwa mupango ule ule.

Kama Lens isingeleta kitu, hatungesema video ni ya leo. Video mupya haiko bado mu Google, na ya zamani iliyogeuzwa kushoto-kuume inaweza kujificha pia. Njo maana tulianza na simu ya shimo. Yule mama alikuwa amekwisha kurudia nyumbani wakati tulikuwa tungali tunakata picha.